Kitanda hakitoi risiti: kisa cha Mama Shamim na Baba Shamim wa Arua

"Sista, nieleze kitu kimoja kwanza," alisema Mama Shamim kabla hata ya kukaa vizuri. "Wiki ya kwanza nilimtaka huyu mtu kuliko nilivyomtaka siku ya harusi. Usiku, alfajiri, wakati wowote. Sasa akinigusa bega tu, tumbo linajikunja. Nimerogwa, au nini?"

Baba Shamim alikuwa ameketi upande wa dirisha, anaangalia viatu vyake. Ilikuwa siku ya 19 tangu siri itoke.

Kisa hiki nimekiunganisha kutoka kwa wanandoa zaidi ya jozi moja, ili asitambulike yeyote, na Shamim ni jina la mtoto ambaye hayupo. Mimi nilikuwa muuguzi kabla ya kuingia kwenye ushauri wa ndoa, ndiyo maana hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, bado naitwa sista. Wengi wanaokuja kwangu ni Wanubi au watoto wa askari, watu ambao Kiswahili ndicho wanachogombania na ndicho wanachopatania.

Mume ana miaka 41, mke 36, ndoa ya miaka 13, watoto watatu. Mume anapeleka bidhaa mpakani Oraba kwa wanunuzi wa Sudan Kusini, na kwa miaka kadhaa alikuwa analala Koboko, mji wa karibu na mpaka huo, siku mbili kila wiki. Jumamosi moja simu yake ilikuwa kwenye chaji. Mke alitaka kutuma pesa ya shule kwa simu hiyo, namba ya siri akiijua, akaona salio halitoshi. Akarudi nyuma kwenye ujumbe wa miamala ili aone pesa zimekwenda wapi. Jina moja la kike, kila Ijumaa: 40,000, 50,000, mara moja 120,000. Kabla ya kulia, alihesabu. Ijumaa hizo zilikwenda nyuma miezi 14.

Mume alisema kwanza ni deni. Siku ya tatu akasema ni kweli, lakini ilikuwa mara moja tu, shetani alimpitia. Siku ya 12, baada ya mke kumwonyesha miamala yote, akakiri miezi 14 na kibanda cha nguo alichomfungulia yule mama kwa mtaji wa shilingi 600,000. Hayo matoleo matatu yakumbukwe, kwa sababu yalifanya uharibifu kuliko hata zile Ijumaa.

Nianze na swali la mke, maana wanawake wengi hulibeba kwa aibu na hawamwambii mtu. Kumtaka mume kwa nguvu mara tu baada ya kugundua usaliti ni jambo la kawaida, na wanaume waliosalitiwa nao hulipata. Mwili umeshtuka, unaona mtu wake anachukuliwa, unamng'ang'ania kwa njia unayoijua. Ndani yake mna hofu, mna ushindani na yule mwingine, mna hata hasira. Msamaha haumo. Mume huona mke amemkaribisha, akadhani yameisha. Naye mke hudhani hivyo hivyo. Kisha mshtuko ukipungua, kwa huyu baada ya wiki mbili hivi, mwili unaanza kupokea habari ambayo akili ilishaipata, na mlango unafungwa. Nilimwambia hajarogwa. Nilimwambia mume pia kwamba usiku ule wa wiki ya kwanza asiuhesabu kama stakabadhi ya deni lililolipwa.

Kisha nikauliza lililonitia wasiwasi zaidi: katika usiku ule wote, mlitumia kinga? Hawakutumia. Mume alikuwa na yule mama Alhamisi, siri ikatoka Jumamosi, na yeye na mkewe wakaanza kukutana Jumatatu bila kondomu. Ziko dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kukutana na hatari, lakini lazima zianzwe ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Siku ya 19 mlango huo ulikuwa umefungwa kwa wote wawili. Ningependa watu wajue hili: siku siri inapotoka, kabla ya kumpigia shangazi na kabla ya kufungasha nguo, saa 72 zinaweza kuwa bado zinahesabika, na kituo cha afya ndipo pa kwenda.

Walikwenda kupimwa pamoja na kupokea majibu pamoja. Wote hawakuonekana na VVU. Baba Shamim alitoka ameinua kichwa, "Si umeona?" Nikamrudisha kwenye kiti. Kipimo cha haraka kinatafuta askari wa mwili dhidi ya virusi, na askari hao huchukua muda kuonekana, kwa hiyo majibu ya uhakika ni ya miezi 3 tangu mara ya mwisho mtu alipojiweka hatarini. Hapo kuna hesabu ambayo watu huikosea. Saa ya mume ilianza Alhamisi ile ya Koboko. Saa ya mke ilianza usiku wa mwisho aliokutana na mumewe bila kinga, siku ya 13, na kila usiku mpya bila kinga ungeirudisha saa yake mwanzo. Basi tarehe zao hazikulingana, na niliwaandikia kila mmoja yake kwenye karatasi. Tuliongeza kipimo cha kaswende na cha homa ya ini ya B. Kisonono na klamidia mara nyingi havimwonyeshi mwanamke dalili yoyote, na vituo vyetu vingi hutibu kwa kufuata dalili bila maabara, kwa hiyo mwanamke asiyelalamika anaweza kurudishwa nyumbani na ugonjwa wake. Inabidi useme wazi: mume wangu alikuwa na mwingine. Mama Shamim alisema sentensi hiyo mbele ya muuguzi aliyesoma naye shule. Aliniambia baadaye ilikuwa ngumu kuliko kumwambia mama yake.

Kwa miezi hiyo 3 ikabaki kondomu, na kondomu ndani ya ndoa ina maneno yake. Mume: "Sasa mke wangu ananiona kama malaya." Mke: "Nivalishwe mpira kwenye nyumba niliyoijenga?" Kila mmoja alilihisi tusi kutoka upande wake. Nilichowaambia ni kwamba tarehe zile mbili za karatasi ndizo zinazosema, na siku zikifika karatasi itachanwa. Kuwa na tarehe ya mwisho kulisaidia kuliko hotuba yoyote ningetoa.

Kuhusu kikao cha ukoo sitakaa sana. Kilifanyika kabla hawajafika kwangu. Kaka wa mke alitaka mume afikishwe polisi kwa uzinzi. Hakujua kwamba kifungu hicho cha sheria ya jinai kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2007, kwa sababu kilimbana mke na mume kwa vipimo tofauti. Mjomba wa mume akaleta hoja kwamba dini inaruhusu wake wanne. Shehe mwenyewe aliyekuwepo ndiye aliyemjibu: nikahi ina walii, ina mashahidi, ina mahari, na mpwa wako alikuwa na namba ya simu. Kisha shangazi wa mke, kwa nia njema kabisa, akamchukua mpwa wake chumbani na kumfundisha namna ya "kumshika mume asitoke tena". Mume akanunua gomesi ya hariri kwa mama mkwe. Wote wakala pilau, na kabla ya magharibi mke akatangazwa kuwa amesamehe.

Ushauri wa shangazi ndio ulionipa kazi. Uliuweka mzigo wa uaminifu kwenye kiuno cha mwanamke. Kuanzia siku hiyo Mama Shamim aliingia kitandani kama anayefanya mtihani: akifaulu mume habanduki, akifeli Koboko iko pale pale. Na mume naye alipokea kila usiku kama risiti ya msamaha. Mwili wa mwanamke ulipogoma siku ya 14, kwangu mimi ulikuwa unasema ukweli ambao kikao hakikuuruhusu.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililoomba ni unyumba usimame kabisa, wiki sita, kwa makubaliano ya wote wawili na kwa tarehe iliyoandikwa. Mume alikunja uso. Nikamwambia hii si adhabu. Kama ingekuwa adhabu nisingemwomba mke naye aahidi. Tunaondoa tendo la ndoa mezani ili lisitumike kulipia kitu kingine.

Katika wiki hizo sita tulishughulikia ukweli. Ukweli unaotoka kwa matone ni sumu ya namna yake. Kila tone jipya humrudisha aliyesalitiwa siku ya kwanza, na zaidi ya hapo humfundisha kwamba hata machozi ya mumewe yanaweza kuwa na chumba kingine cha siri nyuma yake. Mama Shamim alisema: "Lile la mara moja tu ningeweza kulimeza. Lakini alinishika mikono, akalia, akanidanganya akiwa analia." Nikamwambia mume atasema yote mara moja, kwenye kikao kimoja, na asitegemee huruma ya kusema nusu.

Mke aliandika maswali yake kwenye daftari la mtoto la hesabu. Yalifika 31. Tukayapanga kabla ya kikao. Yale ya usalama na mipaka yaliulizwa kwanza: lini ilianza, lini iliisha, nani anajua, kuna mimba au mtoto, pesa ngapi, mlitumia kinga. Yakafuata yale ya maana: ulikuwa unajiambia nini ukiwa njiani kurudi nyumbani? Ulikuwa unapata nini kule? Yakabaki tisa ya namna ya tatu, maswali ya picha: ana mwili gani, alikufanyia nini, ni nani mtamu. Hayo nilimwomba ayaweke wiki mbili. Sikumkataza, ana haki ya kuuliza. Lakini nimeona jibu la swali la picha likigeuka sinema ambayo mwanamke huibeba mpaka kitandani, na hakuna dawa ya kuifuta. Wiki mbili zilipokwisha alichora mstari juu ya manane, akauliza moja: "Alishawahi kuingia nyumbani kwangu?" Hilo lilikuwa swali la haki hata lingeitwa la picha, maana ni kitanda chake. Jibu lilikuwa hapana. Lakini mume, akiwa keshaanza kusema, akaongeza ambalo hakuulizwa: blanketi la rangi ya maziwa, zawadi ya harusi, ndilo lililokuwa Koboko. Alimwambia mkewe kwamba limeibiwa kwenye basi.

Mke alitoka nje, akakaa chini ya mwembe nusu saa. Aliporudi alisema jambo ambalo sikulitarajia: "Hilo la blanketi ndilo la kwanza ambalo amenipa bila mimi kulikamata." Nililiandika pembeni.

Kuachana na yule mama kulifanywa kwa ujumbe mfupi wa maandishi ambao wote wawili waliusoma kabla haujatumwa. Haukuwa na tusi, haukuwa na maelezo marefu, haukuacha mlango wa "tutaongea". Deni la mtaji wa kibanda mume alilisamehe. Mke aliuma meno, lakini alikubali kwamba deni ni sababu ya kupigiana simu. Kulala Koboko kukakoma. Mpwa wake alianza kukaa mpakani kwa niaba yake, naye akawa anakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mapato yalishuka, kwa hesabu yao kama theluthi. Nalitaja kwa sababu watu huongea juu ya kurudisha uaminifu kana kwamba hakugharimu chochote ila machozi, na kule nyumbani karo ya muhula wa pili ililipwa kwa mafungu matatu.

Simu ilikuwa vita yake. Mke alikuwa anaamka saa saba za usiku kuipekua. Kila alipokosa kitu alipata utulivu wa dakika kumi, kisha wazo kwamba amefuta. Kupekua hakushibishi, kunakuza njaa. Nikawapa utaratibu wa Jumapili jioni: nusu saa, wawili wamekaa pamoja, wanapitia simu zilizopigwa na miamala ya pesa ya wiki, mume ndiye anayesoma kwa sauti. Siku nyingine simu iko wazi, haina namba mpya ya siri, lakini hakuna askari wa zamu. Wiki ya kwanza mke alishindwa mara nne. Wiki ya nane mara moja. Mwezi wa nne Jumapili moja walisahau kabisa, wakakumbuka Jumatano.

Na katika mwezi huo huo wa nne yule mama alipiga simu kwa namba ngeni. Mume alikuwa Oraba. Alipokea, akatambua sauti, akasema "Usinipigie," akakata, kisha akampigia mkewe hapo hapo, jasho likimtoka, kumwambia. Mke alimfokea. Siku ile ilikuwa mbaya. Lakini nikipitia maandishi yangu naona hapo ndipo uaminifu ulianza kurudi kwa kweli. Wiki kumi na mbili za miamala safi zilimwambia mke kwamba hakuna kitu kilichoonekana. Simu ile moja ilimwambia kwamba kikitokea ataambiwa.

Nije sasa kwenye mwili, ambako ndiko walikodhani watafika wiki ya pili.

Wiki sita zilipokwisha mke alisema hana hamu kabisa, pengine imekufa. Mume alikuwa nayo tele. Hapa huwa nawaeleza breki na mafuta. John Bancroft na Erick Janssen wa Taasisi ya Kinsey, inayochunguza mambo ya ngono huko Marekani, walieleza kwamba mwili una mfumo unaowasha na mfumo unaozuia, na kila mmoja unafanya kazi yake. Mtu ambaye hasogei anaweza kuwa na mafuta ya kutosha, ila amekanyaga breki. Shangazi alikuwa anamiminia mafuta: manukato, udi, mapozi. Breki za Mama Shamim zilikuwa sauti ya simu ikitetema, harufu ya sabuni fulani ya kuogea ambayo mume alikuwa akirudi nayo kutoka Koboko, na siku ya Ijumaa yenyewe. Tulizitoa moja moja. Sabuni ilibadilishwa. Simu ikalala sebuleni. Ijumaa ikawa siku ambayo haiguswi.

Nikamweleza pia kitu ambacho daktari wa Kanada, Rosemary Basson, alikiandika mwaka 2000: kwa wanawake wengi, hasa walio kwenye ndoa ya muda mrefu, hamu haiji kwanza ndipo mguso ufuate. Mguso ukiwa salama na mzuri, na mtu akiwa amekubali kuupokea, hamu huja nyuma yake. Kwa hiyo kukosa hamu ukiwa unapika si dalili kwamba imekufa. Lakini hapo pana mtego, na nimeona wanaume wakiingia nao mbio: "Basi aanze tu, hamu itamkuta njiani." Hapana. Mguso wa kulazimishwa ni breki.

Zoezi nililowapa ni la zamani, la watafiti wa Marekani William Masters na Virginia Johnson, waliolitangaza mwaka 1970. Nyumba yao ina vyumba viwili na mtoto wa mwisho analala nao, kwa hiyo usiku haukufaa. Watoto huenda madrasa alasiri. Wakachukua nusu saa mara mbili kwa wiki baada ya watoto kuondoka, mlango umefungwa. Mmoja anagusa, mwingine anaguswa, dakika kumi na tano, kisha wanabadilishana. Wiki mbili za mwanzo ni mikono, mgongo, miguu na kichwa, nguo zikiwepo. Anayegusa hatafuti kumwasha mwenzake. Anasikiliza tu ngozi, joto, pumzi. Anayeguswa kazi yake ni kusema: hapa, polepole, hapo acha. Na tendo la ndoa ni marufuku hata wote wawili wakitaka. Katazo hilo ndilo dawa yenyewe. Mke akijua kwa hakika kwamba mkono wa mgongoni hautashuka, mgongo unaacha kulinda.

Wiki ya tatu walivunja katazo. Walikuja wamechangamka, kama wanafunzi walioruka ukuta wa shule, na mimi nikanyamaza. Wiki iliyofuata mume alijaribu tena, na jogoo hakupanda mtungi. Wala mara ya pili. Aliaibika mpaka akataka kuacha ushauri. Nikagundua amenunua mizizi ya mulondo sokoni anaitafuna kama miwa, na rafiki amempa vidonge vya duka la dawa. Vidonge nilimwomba aviache mpaka apimwe, kwa sababu vikikutana na dawa fulani za moyo vinaweza kuangusha shinikizo la damu hadi kuua. Mulondo nilimwachia, ila nikamwambia hautamsaidia kwa tatizo lake. Shinikizo la damu na sukari vilikuwa sawa, na alfajiri akiamka uume ulisimama kama kawaida, jambo linaloonyesha kwamba mishipa haina kasoro kubwa. Tatizo lilikuwa kwamba amekuwa mtazamaji wa nafsi yake. Yuko kitandani, na wakati huo huo amesimama pembeni anajikagua: ananilinganisha? Anaona kwamba najuta? Mwanamume anayejipima hivyo mwili humkimbia. Tukarudi kwenye mgongo na miguu, wiki tatu nyingine, na safari hii walilishika katazo.

Upande wa mke palikuwa na maumivu, ukavu na misuli iliyokaza. Vipimo vya maambukizi vilikuwa safi, kwa hiyo nililichukua kama breki ambayo bado imekanyagwa. Kama vipimo visingekuwa safi, au kama maumivu yangeendelea akiwa ametulia, angehitaji daktari na si mimi.

Swali ambalo watu wananiuliza ni kama haya yote ni ya kweli au wanandoa wanaigiza tu. Idadi ya usiku haijibu swali hilo. Nimeona nyumba ambazo unyumba ulirudi mara tatu kwa wiki na mke akiwa hayumo kabisa: analala kama gogo, anakubali siku mume aliyoleta pesa, anakubali kwa kuogopa Koboko. Ninachokiangalia mimi ni neno moja, hapana. Linasemwa? Na likisemwa, linagharimu nini?

Katika mwezi wa tano nilimwomba Mama Shamim aweke alama kwenye kalenda kila anaposema hapana. Alisema nne. Ya kwanza mume alihamia kochi la sebuleni na akanyamaza siku mbili. Mke, ili kununua amani, akamwendea siku ya tatu bila kutaka. Nilimwambia mume mbele ya mkewe kwamba usiku huo wa siku ya tatu ulikuwa wa uongo, na aliyeulipia ni yeye kwa kimya chake. Alikasirika. Alisema mwanamume naye ana moyo. Nikakubali ana moyo, na akiumia anaweza kusema "nimeumia" kwa neno moja na kubaki kitandani. Ya pili alibaki kitandani lakini aligeukia ukuta. Ya tatu sina maelezo. Ya nne mke alisema hapana, mume akasema sawa, akauliza kama anaweza kumshika mkono, wakazungumza habari za mpwa na bei ya sukari mpaka usingizi ukawachukua. Tangu mwezi huo "ndiyo" ya Mama Shamim nilianza kuiamini, kwa sababu nilikuwa nimeiona hapana yake ikipita salama.

Si kila nyumba ingefika hapo. Kama angempiga, au kama ujumbe wa Koboko ungeendelea chini kwa chini, ningesimamisha mazoezi ya mwili siku hiyo hiyo, maana kumfundisha mtu kulegeza ulinzi mbele ya hatari ni kumtendea vibaya. Na kama mke angeamua kwamba hataki tena, basi kazi yangu ingekuwa kuwasaidia kuachana bila kuwararua watoto. Mara mbili katika kisa hiki nilidhani ndiko tunakoelekea.

Majibu ya miezi 3 yalikuwa safi kwa wote, na karatasi ya tarehe mke aliichana mwenyewe jikoni, akaitumia kuwashia sigiri.

Mara ya mwisho nilikaa nao mwezi wa kumi na moja. Walikutana mara moja kwa wiki hivi, wiki nyingine hakuna. Mke alisema si kama zamani: zamani hakufikiria, sasa anachagua. Blanketi lilikuwa bado halijanunuliwa jingine. Picha nazo bado huja. Wiki moja kabla ya kikao chetu, katikati ya tendo, sura ya chumba asichowahi kukiona ilimjia, akasema "Acha." Mume aliacha, akawasha taa. Walikuwa na karanga za kukaanga kwenye bakuli, zimebaki za watoto. Walikaa kitandani wakazila, mtoto akaamka, akapewa zake, akalala. Walirudi kwenye jambo lao siku ya tatu, na aliyeanza alikuwa mke.